Visanduku Tisa vya Mteremko wa Rhotia

Neno "bahati mbaya" linanichefua hadi leo. Kila gari lilipoanguka kwenye mteremko wa Rhotia, watu walituletea kituo cha afya majeruhi, maiti na neno hilo. Mimi, nesi wa zamu, nilitamani kuwazaba makofi. Hasira yangu ilikuwa na sababu: dada yangu alipanda lori la kijiji kila siku ya mnada kwenda kuuza maharage Karatu, na alipenda kuketi juu kabisa ya magunia, apigwe na upepo na aonekane.

Ilikuwa miaka ile ya shida ya petroli. Dereva wetu, akifika juu ya mteremko, aliweka nyutro, gia isishike, lori lishuke lenyewe, na abiria wakamsifu kwa kubana mafuta. Siku moja breki zilizidiwa na joto zikagoma, lori likalivaa jiwe kubwa la kwenye kona. Waliokaa juu walirushwa. Mwalimu wa kwaya alianguka akiwa hai, anaongea. Majirani wakamkalisha upesi na kumnywesha maji, maana kwetu majeruhi akiachwa amelala watu huona kama mmeshamkatia tamaa. Wakamleta amekunjwa mabegani, shingo iliyovunjika ikining'inia, na alipofika alikuwa amekata roho. Dada yangu alinusurika kwa sababu tu homa ilimzuia kusafiri.

Kamati ya kijiji ilikutana darasani kumfukuza dereva, ikidhani kazi ingeishia hapo. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya afya ya jamii, tulikofundishwa jedwali lililobuniwa na daktari mmoja wa Marekani. Nikashika chaki. Kwenda chini nikaandika: kabla ya ajali, wakati wa ajali, baada ya ajali. Kwenda kulia: mtu, gari, barabara pamoja na jamii inayoizunguka. Vikatokea visanduku tisa.

"Haya, jazeni."

"Kabla ni dereva," alisema mwenyekiti. "Wakati, dereva. Baada, dereva tena."

"Mzee, dereva alikuwa amelala kavunjika mbavu. Ndiye aliyemkunja mwalimu?"

Mwenyekiti akaninyooshea kidole.

"Kwa hiyo unamtetea?"

"Simtetei. Kisanduku chake anacho. Mimi nataka vile vinane vingine."

Hapo ndimi zikalegea. Kabla ya ajali: nyutro marufuku, gia ndogo iwekwe juu ya mteremko, breki zikaguliwe kabla ya mnada. Mstari wa pili uliwashinda. "Ajali ikishatokea, unaizuiaje?" aliuliza mkulima mmoja. Nikamwambia haizuiwi tena, ila inaweza kupunguzwa makali. Nani aliliacha lile jiwe pale konani? Nani aliwaweka watu juu ya mzigo? Wakakubaliana jiwe ling'olewe, magunia yapangwe chini mbele na kufungwa kamba, abiria wakae sakafuni nyuma ya mzigo.

Mstari wa mwisho ulijazwa na mfugaji wa Nainokanoka, kule milimani, aliyekuwa akipeleka ng'ombe mnadani akapita kusikiliza. "Sisi kule juu magari hatuna," alisema. "Mtu akiumia tunamlaza kwenye ngozi kavu ya ng'ombe, wanaume wanashika pande zote, hakunjwi." Nikafurahi nikapiga meza. Wanawake wanaoishi karibu na kona nikawafundisha kukandamiza kidonda kwa kanga bila kuachia, kufunga mguu uliovunjika kwa mbao, na kutomkalisha wala kumnywesha maji majeruhi. Kituo nacho kikaweka akiba ya petroli kwa ajili ya majeruhi.

Dada yangu alinijia juu. "Nikae chini kama mbuzi?"

"Kaa kama mbuzi, uje uzeeke kama binadamu."

Alininunia, lakini utingo aligoma kuruhusu gari liondoke mpaka akae chini.

Mvua za masika zilipokolea, nilisikia kelele barabarani. Lori lilikuwa limeteleza kwenye tope, tena ile ile kona. Nikaandaa vitanda. Kama nilivyosimuliwa baadaye, lilikuwa linashuka kwa gia ndogo, polepole; jiwe halikuwepo, likapita na kulala ubavu kwenye shamba la mahindi. Magunia yalibaki kambani. Wote walitoka hai.

Mmoja tu aliumia vibaya, na alikuwa dada yangu: paja limevunjika na mkono umechanika, unavuja damu. Walimleta amelala kwenye ngozi, mguu umefungwa mbao, jirani yake anatembea kando kakandamiza kanga kwenye kile kidonda na haachii hata akijikwaa. Nyuma yao mwenyekiti, katapakaa tope, anafukuza watu: "Asikalishwe! Asipewe maji!"

Nilimshika mshipa. Ulikuwa unapiga vizuri. Akafumbua macho akaniona.

"Wewe na visanduku vyako," alisema. "Wamenibeba kama jeneza, watu wote wananitazama! Na maharage yangu je?"

Akaendelea kunitukana mpaka mlangoni mwa wodi. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, na sikutaka anyamaze.