Kufunga na Kutoka

Hayat Kombo hakumpenda Muindi, na Muindi hakumpenda Hayat, na katika timu nzima ya watu kumi na wanane hapakuwa na asiyejua. Muindi alikuwa msimamizi. Hayat alikuwa mpokea simu wa kampuni ya kusafirisha vifurushi, mmoja wa wale wanaoulizwa mara mia kwa siku mzigo umefika wapi na kutukanwa kama wao ndio waliouketia. Zamani wote walikaa ofisini. Kisha ofisi ikarudishwa kwa mwenye jengo, kila mtu akapewa laptop kuukuu na kuambiwa akafanyie kazi kwake. Kwa Hayat, kwake ni Kayole, ghorofa ya nne, chumba anachoishi na mama yake, meza ya kazi imebanwa kati ya kitanda na ndoo za maji. Mshahara wake ndio uliowaweka wote wawili humo.

Ile laptop haikuwa na kitu ndani. Kompyuta yenyewe ya kazi ilikuwa mbali, kwenye wingu, kama wakubwa walivyopenda kusema wakiwa na kikombe cha chai mkononi. Hayat alifungua dirisha moja kwenye skrini, akaweka neno la siri na namba iliyotumwa kwenye simu yake, na kupitia dirisha hilo akaiona kompyuta yake ya kazi: majina ya wateja, vifurushi vyao, na programu ya kupokelea simu. Vyote viliishi huko huko, havikukaa Kayole. Na programu ile haikubembeleza mtu. Jina lako likiwa kijani, simu inaingia, mlio mmoja mfupi, inajipokea yenyewe, na mteja yuko sikioni.

Ili jina lisiwe kijani palikuwa na kitufe cha mapumziko. Muindi alikichukia kitufe hicho. Kila aliyekibonyeza aliishusha asilimia ya muda ambao timu iko kijani kwenye ubao wa takwimu, na asilimia hiyo ndiyo aliyokwenda kujivunia kwa wakubwa kila Ijumaa. Kwa hiyo siku mfumo mpya ulipoanza alituma ujumbe wa sauti kwenye grupu la timu: "Watu wangu, hiyo button ya break inatuharibia. Ukienda break, we funga tu. System itajua umeenda."

Alisema hivyo kwa mazoea ya ofisini, ambako ukizima kompyuta umekwenda, basi. Wajanja waliitikia "sawa boss" na kuendelea kubonyeza kitufe. Hayat alikuwa mbishi wa mdomo lakini mkono wake ulitii. Kila siku saa saba alibonyeza alama ya kufunga dirisha, akatia udhu, akaswali adhuhuri, akala, akarudi. Akilifungua tena, kila kitu kilikuwa palepale alipokiacha, hata sentensi aliyoikatiza katikati. Aliona ni uungwana wa huo mfumo, wala hakujiuliza zaidi.

Mwezi wa kwanza wa mfumo huo haujaisha, Kweyu, mwenzao wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben, alifutwa kazi. Wakubwa walisema anapokea simu na kunyamaza, anawaacha wateja waongee na hewa ili aonekane yuko kazini. Kweyu aliapa kwenye grupu kwamba alikuwa amefunga, hakuwepo. Hayat ndiye aliyemjibu: "Kama ulifunga, simu ilishikwa na nani, jini?" Grupu zima likacheka, na Muindi akamwondoa Kweyu kabla hajasema neno jingine.

Wiki tatu baadaye barua ilimfikia Hayat mwenyewe. Simu tisa, katika siku moja tu iliyokaguliwa, zote zimepokelewa, zote kimya. Ajibu kwa nini asifutwe.

Kikao kilikuwa cha video, saa nne asubuhi. Walikuwepo Madam Khalayi wa ofisi ya wafanyakazi, Muindi, na Sylvance, fundi anayeitunza mitambo hiyo ya wingu. Muindi alianza kwa kucheza rekodi moja. Sauti ya mama mzee ilisikika: "Haloo? Mwanangu, unanisikia? Ni ile dawa ya mzee, haijafika. Haloo?" Aliita hivyo karibu dakika nzima, kisha akakata.

"Huyo ni mama wa mtu," Muindi akasema. "Na wewe umekaa hapo umemnyamazia."

Hayat aliona haya mpaka masikio yakawaka moto, kisha haya ikageuka hasira. "Muindi, usinicheze. Saa saba mimi huwa kwa mswala. Nilifunga."

"Kweyu pia aliimba wimbo huo."

"Sylvance," Madam Khalayi akaingilia, "mitambo inasema nini?"

Sylvance alikuwa kijana wa maneno machache. Alisoma kwenye kumbukumbu zake. "Saa saba na dakika mbili, laptop ya Hayat ilikata muunganisho. Ilirudi saa saba na thelathini na moja. Simu zote tisa ziliingia katikati hapo. Hakuwepo."

"Na simu zilipokelewa na nani?"

"Na kompyuta yake ya huku, madam. Ukifunga dirisha, umeacha tu kuiona. Yenyewe inaendelea kufanya kazi, programu zote ziko wazi, jina liko kijani. Simu inaingia, inajipokea, lakini hakuna maiki upande wa pili. Kufunga si kutoka. Kutoka ni ku-sign out, kujiondoa kabisa kwenye mfumo. Na kama ni break, unabonyeza break."

"Si angeuliza?" Muindi akasema haraka. "Mtu mzima anajua tofauti."

Hayat alisogeza simu yake karibu na maiki ya laptop na kucheza ile sauti ya kwenye grupu, tangu "watu wangu" mpaka "system itajua umeenda". Alimtazama Muindi kwenye kisanduku chake kidogo cha video, akamwona anashika shingo, na hatasema uongo mtu akimuuliza: alifurahi kwa roho mbaya kabisa.

Madam Khalayi aliandika kitu. Kisha akasema barua ya Hayat imeondolewa, na Muindi atume maelekezo sahihi leo hii.

"Na Kweyu?" Hayat akauliza.

"Faili ya Kweyu imefungwa."

"Imefungwa ama imetoka, madam?"

Hakuna aliyecheka. Madam Khalayi alisema wamemaliza, na visanduku vikazimika kimoja kimoja.

Saa sita Muindi alituma sauti mpya kwenye grupu. Wote wajue kufunga si kutoka, na wakienda break wabonyeze break. Hakuomba radhi kwa mtu, wala hakulitaja jina la Kweyu. Habari za kikao zilikuwa zimevuja, na wenzake Hayat walimmiminia pongezi, na wote walikuwa walewale waliocheka siku ile.

Hayat alitafuta namba ya Kweyu. Akamtumia sauti zote mbili za Muindi, ya kwanza na ya leo, kisha akaandika: "Kweyu, nisamehe. Peleka hizi kwa Madam Khalayi, nitasimama nawe." Alama za kuonyesha ujumbe umesomwa zikawa za buluu papo hapo. Jibu lilichelewa, na lilipokuja lilikuwa fupi.

"Nilikwambia nilifunga."

Hayat aliweka simu kifudifudi mezani. Dirisha lilikuwa wazi, jina lake kijani, naye yupo, vipokea sauti masikioni, maiki mdomoni. Mlio mmoja mfupi ukalia.

"Haloo?" mteja akasema. "Haloo, unanisikia?"

Hayat alisikia kila neno, na sauti yake ikakataa kutoka.