Kwa Nini Mahindi

Mwaka niliomaliza darasa la nane, mtihani wetu uliongezewa karatasi moja iliyoitwa karatasi ya akili. Haikuuliza majina ya mito wala bei ya mayai. Iliweka maneno tu, na kati ya maneno hayo kulikuwa na kanuni ambayo mwanafunzi alipaswa kuiona mwenyewe. Ilijaribiwa katika shule tatu: moja Moshi mjini, moja kule tambarare, na yetu, juu Machame. Ilikuwa ya majaribio, lakini alama zake zilihesabiwa. Aliyeshindwa alirudi nyumbani.

Mimi nilikuwa nimehamia shuleni pale mwaka uleule. Baba yangu alikuwa mshonaji mjini, na wenzangu, wote watoto wa wakulima wa mlimani, waliniita Cherehani. Nilikuwa nikiuliza maswali mengi mno. Walisema sindano yangu haichoki.

Mwalimu wetu alitupa njia moja ya kukabili karatasi ile. Ukipewa maneno mawili, alisema, yaunganishe kwa sentensi, kisha ipeleke sentensi hiyohiyo upande wa pili. Sindano kwa mshonaji ni kama nini kwa mkulima: shamba, mvua, jembe au kahawa? Yote manne yanamhusu mkulima, kwa hiyo “sindano inamhusu mshonaji” ni sentensi legevu. Ikaze: mshonaji hufanya kazi akiwa ameshika sindano. Sasa linabaki jembe peke yake. Maswali hayo niliyapenda, maana yalikuwa na mlango mmoja.

Yaliyonisumbua ni yale ya kutoa neno moja lisilo la kundi. Mwalimu alituonya tusitafute neno lililo tofauti, kwa sababu kila neno ni tofauti na jingine. Tutafute kwanza kitu kinachoyaunganisha mengine yote. Nilimuuliza, na kama yapo makundi mawili? Akasema mtunzi ana moja kichwani. Nikauliza tutajuaje la kichwani mwake. Darasa likacheka, naye akaniambia nikae.

Siku ya mtihani nilikuta swali hili: ndizi, kahawa, maziwa, mahindi. Niliandika maziwa, kwa kuwa mengine huota ardhini. Kisha nikaitazama karatasi ya jirani yangu wa deski. Alikuwa ameandika mahindi. Yeye ndiye aliyekuwa akiongoza darasa. Nilifuta kwa nguvu hata karatasi ikachubuka, nikaandika mahindi bila kujua sababu.

Wiki mbili baadaye ofisa wa elimu alipanda kutoka Moshi. Mwalimu alitueleza habari kwa kifupi, uso wake umebadilika. Jibu sahihi lilikuwa maziwa. Katika shule zile mbili nyingine, karibu wote walikuwa wamepata. Darasa letu lote, bila hata mmoja kubaki, tulikuwa tumeandika mahindi. Ofisa aliona kwamba mtu mmoja anaweza kukosea, lakini darasa zima haliwezi kukosea kosa moja isipokuwa limefundishwa. Yaani karatasi ilivuja, na mwalimu akatufundisha majibu, mengine yakiwa na makosa. Likithibitika, mtihani wetu wote ungefutwa, na mwalimu angeachishwa kazi.

Wanafunzi watatu waliitwa kueleza sababu zao, mmoja mmoja. Mimi nilikuwa wa tatu. Nadhani niliitwa kwa ajili ya ule mchubuko.

Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi, mwalimu amesimama mwisho wa baraza akizungusha kofia yake mikononi. Tulikatazwa kusemezana. Wa kwanza aliingia, akatolewa kwa mlango wa nyuma. Akaingia jirani yangu. Ukuta ulikuwa wa mbao, lakini yeye alisema kwa sauti ya chini. Nilichosikia ni sauti ya ofisa tu.

“Maneno yaleyale,” alisema. “Neno kwa neno. Nani amewafundisha?”

Wenzangu walikuwa na sababu, na ilikuwa moja. Mimi sikuijua. Nikisema sijui, ni dhahiri kwamba nilipewa jibu. Nikikiri kuchungulia, nimemthibitishia kwamba darasa letu huibiana, na mwalimu aliye barazani pale na kofia yake amekwisha.

Nikaanza kutafuta kanuni kwa kurudi nyuma, jibu nikiwa nalo na sababu sina. Nilitoa ndizi: ndiyo pekee inayomenywa. Nilitoa kahawa: ndiyo pekee isiyoshibisha. Kila neno lilikubali kutoka isipokuwa lile nililolihitaji. Ndizi, kahawa, maziwa. Vina nini hivi vitatu? Mlango ukafunguliwa.

Ofisa hakuwa mkali. Hilo lilinitisha zaidi. Alikuwa ameweka karatasi yangu mbele yake, kidole kwenye mchubuko. Aliniuliza kwa Kiswahili chake cha taratibu kwa nini mahindi.

Nikaiona nyumba yetu ya mjini asubuhi, kwa sababu ndiyo niliyoitamani wakati ule. Nikasikia muuza kahawa akigonganisha vikombe.

“Bwana, hivyo vitatu huja mlangoni,” nilisema. “Mwenye maziwa hupiga hodi, mwenye ndizi hupiga hodi, mwenye kahawa hupita. Mahindi hayaji. Mama huyafuata mwenyewe dukani.”

Alisogeza kidole juu ya mchubuko. “Kwanza uliandika nini hapa?”

“Maziwa.”

“Na hukusikia habari ya kihamba?”

“Kihamba gani, bwana?”

Sikuwa nikiigiza. Akaweka kalamu chini, akamwita mwalimu ndani. Nilisimama pale wakati wakizungumza, na ndipo nilipoipata sababu ya wenzangu. Ndizi na kahawa huota kihambani, shamba linaloizunguka nyumba, na ng'ombe hufungwa humohumo, analetewa majani. Mahindi hulimwa chini, tambarare, mwendo wa asubuhi nzima. Kwa mtoto wa mlimani maneno matatu yalikuwa nyumbani na moja lilikuwa mbali. Hakuna aliyehitaji kufundishwa hilo.

Ofisa alisema kwamba kama tungefundishwa, mimi nami ningesema kihamba. Sababu yangu ilikuwa nyingine kabisa, kwa hiyo hatukupanga. Aliamua swali lile lifutwe kwa shule zote tatu, na mengine yasimame. Mwalimu alishukuru mara mbili.

Kwa hiyo darasa liliokolewa na mtu pekee aliyekuwa ameiba, kwa sababu aliyoitunga dakika ileile. Nimesoma mantiki chuo kikuu tangu hapo, na nimewahi kuliandika swali lile kwenye karatasi nikijaribu kuona kosa la hoja ya ofisa. Lipo. Watu wawili wanaweza kufundishwa na wa tatu kuchungulia. Hakulifikiria, nami ninaogopa hadi leo kwamba siku moja atalifikiria.

Jioni ile jirani yangu alinikuta mferejini nikinawa uso.

“Cherehani,” alisema, “umewaambia nini?”

Nilimweleza habari ya milango. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka.

“Mimi nilipokuwa mle ndani nilikuwa naogopa kwa ajili yako,” alisema. “Nilijua wewe ndiye unayefuata.”

“Ulijua nini?”

“Nilikuona siku ile umekwama, unatazama huku. Karatasi niliisogeza mimi.”

Maji yalipita. Nilitaka kumuuliza kwa nini aliisogeza, na kwa mara ya kwanza mwaka ule sikuuliza.