Ndege Kichwa Chini

Tarehe tatu, mwezi wa nne. Mvua ndogo tangu asubuhi. Mama jirani alitaka tayeri, suti ya kike, ya kuvaa kwenye harusi ya dada yake: sketi nyembamba na blauzi ya peplum, yenye kuchanuka kiunoni. Kitenge chake kina michoro ya ndege; mbele ya sketi nikawakata kichwa chini. Kosa langu, si la mwingine. Waasi walikuwa wamefunga njia ya Beni, kitenge kingine hakuna. Pengine mimi si fundi.

Lakini peplum hukatwa muviringo, ndege wanageuka kila upande. Nikaikata katika kipande kilichoharibika. Kitambaa nilichokuwa nimewekea peplum kikatoa mbele mpya ya sketi. Mama jirani alipokuja, nilimueleza yote.

Akacheka: “Mais mama, sasa ndege banaruka! Njia ikifunguka, unishonee na pantalo pana.” Nikaandika: suruali pana moja.

Jioni tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo.