Alhamisi kwa Alhamisi

Kosa nililigundua Jumapili baada ya misa, nikiwa nimekaa uwani kwenye nyumba niliyopanga Lumemo na kitabu cha sheria ya kampuni mapajani. Nilikuwa nimebakiwa na mtihani mmoja wa ukatibu wa kampuni. Shahada yangu ya biashara ilinisamehe masomo ya mwanzo, yaliyofuata niliyafanya kwa jasho, mawili nikayarudia. Baada ya mtihani huo kungebaki fomu ya mazoezi ya kazi, ambayo lazima isainiwe na katibu anayekusimamia. Bila saini yake, mitihani yote ningeishia kuihadithia.

Swali lilikuwa jepesi. Katiba ya kampuni inataka taarifa ya mkutano mkuu itolewe siku ishirini na moja kabla, bila kuhesabu siku ya kuipokea wala siku ya mkutano. Mwanahisa amepokea Alhamisi, mkutano ni Alhamisi, wiki tatu baadaye. Je, siku zimetimia? Nikaandika hapana, maana katikati zinabaki ishirini. Nikajipongeza. Halafu nikafunga kitabu, kwa sababu hiyo Alhamisi niliijua, na kanuni hiyo imo kwenye katiba yetu pia.

Kampuni yetu ya kukoboa mpunga ina wanahisa arobaini na mmoja, nusu yao wafanyabiashara wa mjini Ifakara, nusu wakulima wa bondeni hadi Malinyi. Mimi nilikuwa msaidizi wa katibu. Mjomba wangu mpaka leo anadhani kazi yangu ni kupiga chapa na kuchemsha chai, nami nimechoka kumweleza. Katibu anatunza daftari la wanahisa, anaandika kumbukumbu za vikao, anampelekea msajili taarifa kila wakurugenzi wanapobadilika, na pale inapobidi anamwambia mwenyekiti jambo asilotaka kulisikia. Sehemu hiyo ya mwisho nilikuwa naijua kitabuni tu.

Barua za mkutano nilizisambaza mwenyewe kwa mkono. Za mjini Jumatano, za Malinyi Alhamisi, kila mtu akasaini daftarini na kuandika tarehe. Mkutano ulipangwa Alhamisi, wiki tatu baadaye, yaani siku nne tu baada ya Jumapili ile. Nilirudi ofisini kifua mbele nikasema wiki tatu kamili, na kila mtu akaitikia, maana nani asiyejua kwamba wiki tatu ni siku ishirini na moja?

Na haukuwa mkutano wa kunywa soda tu. Mwenyekiti alitaka katiba ibadilishwe ili hisa ziweze kuuzwa kwa watu wa nje bila wanahisa kupewa nafasi ya kwanza. Azimio la namna hiyo linahitaji robo tatu ya kura, na wakulima wengi walilipinga. Nilijua kwamba likipita kwenye mkutano ulioitishwa vibaya, atakayeshindwa ataliburuza mahakamani, na kielelezo cha kwanza kitakuwa daftari lile la saini nililolizungusha mwenyewe.

Niliogopa, na sioni sababu ya kupamba. Jumapili sikula. Jumatatu mwenyekiti alipita ofisini, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na kuuliza kama maandalizi yanakwenda vizuri. Nikasema vizuri, mzee. Jumanne mvua ilinyesha kutwa nzima. Nilihesabu upya kwa vidole chini ya meza mara sijui ngapi, kana kwamba siku ingejiongeza kwa huruma. Niliiona fomu yangu bila saini, nikajiona nikirudi kuishi kwa mama bila kitu.

Jumatano asubuhi nilishindwa kuvumilia. Katibu, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, alinisikiliza huku akifunua daftari lenye saini za waliopokea barua. Akahesabu kwa ncha ya kalamu. Kisha akauliza niligundua lini.

"Leo asubuhi, mama," nikasema.

Uongo ulitoka mwepesi kuliko ukweli wote niliosema mwaka ule.

Tulikwenda dukani kwa mwenyekiti. Alisema ni siku moja tu, nani atahesabu? Katibu akamjibu kwa upole, "Yeyote atakayeshindwa kwenye kura, mzee." Alimweleza kwamba taarifa fupi, ya siku pungufu, inawezekana kwa mkutano wa mwaka kama huu ikiwa wanahisa wote wenye haki ya kupiga kura wataikubali, wote bila kukosa hata mmoja. Kama sivyo, tutoe taarifa upya. Mwenyekiti akanigeukia, akauliza kama huko chuoni hawafundishi kuhesabu. Njiani katibu akaniambia kwamba kesho nitasimama mimi kuwaeleza, kwa kuwa barua nilizipeleka mimi.

Alhamisi ukumbi ulijaa. Nilisimama nikashika kiti cha mbele. Nilisema taarifa ilipungua siku moja kwa wanahisa wa Malinyi, na aliyehesabu vibaya ni mimi. Watu wakaguna. Mwenyekiti akauliza kama wote wanakubali tuendelee hivyo hivyo, lakini wanane hawakuwepo, kwa hiyo hata jibu halikuwa na kazi. Akatangaza kwamba hakuna litakaloamuliwa siku hiyo, kila mtu arudi nyumbani.

Hapo ndipo niliposikia sauti kutoka nyuma. Alikuwa bibi mmoja wa Malinyi, mjane, mwenye hisa alizoachiwa na mumewe. Kanga yake ilikuwa na tope mpaka magotini.

"Mjukuu wangu, mimi nimetoka nyumbani Jumanne," alisema. "Barabara imekatika, tumevushwa majini kwa kamba. Mngepiga simu Jumatatu ningebaki."

Hakusema kwa hasira. Katibu alimjibu kwa niaba yangu, akamwomba radhi, akamweleza kwamba kosa limegunduliwa jana tu. Bibi akatikisa kichwa, akasema basi, hamkuwa na namna.

Jioni ile, kabla ofisi haijafungwa, katibu alinijazia fomu ya mazoezi bila mimi kuomba. Kwenye nafasi ya maoni aliandika kwamba nilikosea kuhesabu siku za taarifa, na kwamba nilitoa habari mara tu nilipogundua. Kalamu ikashuka kwenye nafasi ya saini. Nilichokuwa nakitaka kwa miaka minne kilikuwa umbali wa sekunde mbili.

"Mama, nilijua tangu Jumapili," nikasema.

Aliinua kalamu. Halafu akafanya alichonifundisha kufanya kwenye kumbukumbu za kikao zenye kosa. Hakufuta. Alipiga mstari mmoja juu ya maneno, ili yaendelee kusomeka, akaandika juu yake kwamba nilikaa na habari siku tatu, akaweka herufi za jina lake pembeni. Akanipa kalamu nami niweke zangu. Nafasi ya saini ikabaki tupu.

"Mkutano mwingine ukiisha, ulete tena," alisema.

Taarifa mpya nilizipeleka wiki iliyofuata, na ile ya bibi niliipeleka mwisho. Nilivushwa pale pale alipovushwa yeye, nimeshika kamba kwa mikono miwili, bahasha ndani ya mfuko wa nailoni shingoni, na maji yakivuta miguu. Nilipofika sikuweza kumpa kabla ya kumwambia kuhusu Jumapili. Nilimwambia nikiwa nimesimama, bado nimelowa.

Bibi alinitazama miguuni, kwenye tope. Akavuta kigoda, akakaa, wala hakunikaribisha kukaa. Akaishika bahasha bila kuifungua.

"Haya, hesabu siku," alisema. "Kwa sauti, nisikie."

Nikaanza na kesho yake.