Siku Mto Ulipoacha Kuzungumza

Kazi yangu ya kwanza katika ofisi ya maji mjini Machakos ilikuwa kutazama mito ambayo sikuiona. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kuenea hata kwa wakulima, na mradi fulani ulitufungia vipimo kando ya mito: chombo kinachozama majini na kupima kina, kisanduku cha chuma juu ya nguzo, betri ndani yake, na sola juu yake. Kila saa kisanduku kilipiga simu chenyewe na kutuma kina cha maji pamoja na nguvu ya betri. Mimi nilikaa mbele ya kompyuta nikipokea.

Mkubwa wangu alikuwa injinia wa makamo, mtu mpole. Alinifundisha kuanza na betri kabla ya mto. "Betri nzima inapanda mchana na kushuka usiku, kama kifua cha mtu anayepumua," aliniambia. "Ikichoka, utaona kila alfajiri imeshuka kuliko jana. Halafu itazima usiku, jua likitoka inaamka tena. Ukiona hivyo, tafuta gari."

Novemba moja mvua ilinyesha mfululizo. Asubuhi nilipofungua kompyuta, kituo kilichokuwa upande wa Muthetheni kilikuwa kimenyamaza. Kesho yake pia, kimya. Jua nalo halikuonekana.

"Betri imekufa," injinia alisema. "Mawingu haya yote!"

Nilimwonyesha kipimo cha mwisho. "Lakini kabla ya kunyamaza ilikuwa na nguvu, bosi. Haikushuka pole pole. Imekatika ghafla tu. Pengine ni netiweki."

Alikuna kidevu. "Au maji yamebeba nguzo na kila kitu."

Wazo hilo lilinikosesha raha. Njia ilipopitika tukaondoka na betri mpya. Baada ya Masii barabara ilikuwa tope tupu. Gari tuliliacha sokoni Muthetheni, tukapokezana kubeba betri hadi mtoni.

Nguzo ilikuwa imesimama. Nyasi zote za ukingoni zilikuwa zimelala upande mmoja, na takataka za mafuriko zilining'inia kwenye miti, juu ya kichwa changu. Mama mmoja mzee, ambaye shamba lake lilipakana na kituo na ndiye aliyetufyekea nyasi na kutupangusia sola, alishuka kutupokea.

"Mwaitu, habari ya hapa?" injinia akamsalimia, akimwita mama kwa Kikamba.

"Aiya, watoto wangu! Mto ulikuja. Tulisikia mawe yakigongana huko chini mpaka tukahama nyumba. Lakini giza, hakuna mtu aliona."

Injinia akafungua kisanduku. Tukainama sote watatu. Mwanzoni sikuona kitu. Kisha taa ndogo ya kijani ikawaka, ikazima. Tukangoja. Ikawaka tena.

"Kiko hai," nilinong'ona, sijui kwa nini.

Kisehemu cha kupima kilikuwa kinafanya kazi. Kilichokwama ni modemu, ile inayopiga simu. Mnara wa netiweki ulizimika wakati wa dhoruba, na hata uliporudi, modemu ilibaki imeganda, ikitafuta mtandao bila kukoma na kuinyonya betri. Injinia alipopima betri alipiga mluzi: ilikuwa karibu kuisha. "Tulikuwa sawa wote wawili," akacheka. Tukaweka mpya, akachomoa waya wa modemu, akangoja kidogo, akaurudisha. Kisha akampigia karani ofisini.

"Inaingia!" tulisikia akipiga kelele. "Inaingia yote!"

Tuliporudi nilikaa mbele ya kompyuta bila hata kuosha miguu. Pengo lilikuwa limejaa, saa baada ya saa, kwa sababu kisanduku hakikuwa kimesahau chochote. Hapa mto umetulia. Hapa unapanda kidogo. Kisha, katika saa ambazo mama yule alikuwa akikimbiza familia yake mlimani, mstari unapanda karibu wima, unakaa juu, na kuanza kuteremka taratibu. Chini yake mstari wa betri unashuka siku kwa siku, na kila adhuhuri unainuka kidogo kwa mwanga ule mdogo uliopenya mawinguni.

Mafuriko ambayo hakuna jicho lililoyaona yalikuwa mbele yangu, mazima, kutoka mwanzo hadi mwisho. Injinia alisimama nyuma ya kiti changu, ameshika kikombe cha chai ambacho hakukinywa.

Nilimpigia yule mama wa mtoni kupitia simu ya mwanawe, nikamweleza maji yalifika wapi na yalianza kupungua saa gani.

"Kwa hivyo tulipokuwa tunaomba Mungu," akasema, "yalikuwa yameshaanza kurudi?"

"Ndiyo, mwaitu. Yalikuwa yameshaanza kurudi."