Riba Aliyoisamehe Kaka Mkubwa

Mimi hasira zangu ziko karibu, na sijawahi kuzificha. Lakini hasira niliyoingia nayo nyumbani siku ile nikitoka ofisi ya kodi Machakos haijapoa mpaka leo. Ubaya wake ni kwamba sina wa kumrushia.

Nilikuwa mhasibu wa kujitegemea, ofisi yangu chumba kimoja ghorofani, juu ya duka la nguo la Msomali mmoja aliyekuwa akinipandishia chai bila kuulizwa. Miongoni mwa wateja wangu walikuwa ndugu wawili, tumbo moja. Mkubwa alikuwa na kampuni ya malori ya mchanga. Mdogo alikuwa na kampuni ya kuuza saruji, misumari na mabati pale Tala. Kaka mkubwa alikuwa na hisa nyingi katika kampuni zote mbili, kwa hiyo mbele ya sheria hao si wageni. Wakikopeshana, mtu wa kodi lazima ainue jicho.

Na walikopeshana. Kampuni ya malori ilichukua mkopo benki, ikaweka rehani shamba la marehemu baba yao kule Mwala, shamba ambalo mama yao alikuwa bado analima na kufuga mbuzi. Sehemu ya pesa hizo ikapelekwa Tala kununua bidhaa za duka, kwa riba ile ile ya benki, bila hata senti ya faida juu yake. Waliandikiana hati ya makubaliano, ukurasa mmoja, wakatia sahihi, na mama akaweka kidole gumba kama shahidi. Miaka miwili duka lililipa riba vizuri. Halafu mvua ikakataa kabisa. Mtu anayenunua mahindi ya kula hanunui mabati. Mdogo akashindwa kulipa.

Hapo nikafanya vile sheria inavyotaka. Riba ambayo duka lilidaiwa lakini halikulipa, niliiandika kila mwaka kama gharama ya duka. Upande wa malori niliiandika kama mapato, na malori yakatozwa kodi juu yake. Sikuona kosa, na mpaka leo silioni.

Wakaguzi walipokuja, waliikataa riba yote, ya miaka yote. Aliyeongoza alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, na hao ndio wa kuogopwa. Barua yake ilisema mkopo ni wa ndugu kwa ndugu, hati haina muhuri wa ushuru wa stempu, riba ya miaka ya karibuni haijalipwa wala haijadaiwa, na ile iliyolipwa, duka halikukata kodi yake kabla ya kuilipa. Gharama ikifutwa, faida ya duka inapanda kwenye karatasi, na kodi inapanda nayo, pamoja na adhabu. Nilipiga hesabu mara moja tu nikaweka kalamu chini. Duka lingekufa. Bila duka hakuna wa kusaidia kulipa benki, na benki ingeuza Mwala. Mama yule angelala wapi?

Basi nikakaa chini kuandika majibu, na niliyaandika kwa uchungu. Hati tuliipeleka ikapigwa muhuri, tukalipa faini ya kuchelewa. Kodi ambayo haikukatwa kwenye riba ya miaka miwili ya kwanza tulikiri na kuilipa, nikaeleza kwamba kosa hilo lina adhabu yake na halifanyi gharama iwe ya uongo. Nikaambatisha barua ya benki ya kutoa mkopo, hati ya rehani, maazimio ya wakurugenzi wa kampuni zote mbili, hundi iliyotoka kwenye malori kwenda dukani, na risiti za saruji iliyonunuliwa wiki ile ile. Wakaguzi wangeweza kuifuata shilingi kwa macho kutoka benki mpaka kwenye rafu. Nikaonyesha pia kwamba riba hiyo hiyo imeshatozwa kodi kwenye malori, kwa hiyo kuikataa dukani ni kumchuna mbuzi mmoja mara mbili.

Sentensi moja ilituletea ugomvi. Niliandika kwamba deni hili ni la kweli, na mkopeshaji anaweza kulidai mahakamani. Kaka mkubwa aliposomewa alikunja uso. Akasema hakuna mtu wa ukoo wao aliyewahi kumpeleka ndugu kortini, na watu wa kodi wakisoma hivyo watamwona mnyonyaji wa damu yake mwenyewe. Nikamwambia barua si ya ukoo, ni ya kodi, iache. Akaiacha, lakini niliona haikumshuka kooni.

Tuliitwa kwa mkutano, mimi na ndugu wote wawili. Kijana alikuwa ameyasoma majibu yangu yote, kurasa zimejaa alama zake. Alikubali muhuri. Alikubali hundi na risiti. Nilianza kupumua, jameni, nikajua tumevuka. Ndipo akafunga faili na kumgeukia kaka mkubwa kwa heshima, kama mtu anayepiga tu soga na mzee.

"Mzee, huyu ndugu yako akikosa kukulipa hii riba kabisa, utamfanya nini?"

Nilimkanyaga mguu. Aliuvuta.

"Nimfanye nini? Huyu ni mtoto wa mama yangu," akasema, kifua mbele. "Hiyo riba nilimsamehea ule mwaka wa njaa, mbele ya mama yetu. Sijawahi kumwitisha hata ndururu, na sitamwitisha."

Mdogo aliinamisha kichwa, na niliona ana machozi. Kaka aliniangalia kama aliyeniokoa. Kweli mdomo uliponza kichwa. Hakuwahi kuniambia habari ya msamaha huo. Kwake halikuwa jambo la kumwambia mhasibu.

Kijana aliandika polepole, akamsomea, akamwomba atie sahihi. Akatia. Miaka miwili iliyolipwa tuliachiwa. Iliyobaki yote ilikataliwa, kwa sababu deni lililosamehewa si gharama ya mtu yeyote. Nilipiga kelele kuhusu kodi ambayo malori yalishalipa juu ya riba hiyo. Akanijibu kwa upole kwamba hayo ni maombi mengine, ya kampuni nyingine, na yatakuwa na zamu yake.

Makadirio ya kodi yalipofika tulikuwa na siku thelathini za kupinga. Mdogo alikuja peke yake ofisini. Akaniuliza kama kuna njia. Nikamwambia njia ni moja tu: kaka yako asimame mbele ya kamati ya rufaa za kodi aseme hakukusamehe. Akamaliza chai, akasema, "Hiyo siwezi kumwomba." Akaenda. Sikuandika pingamizi. Ningeandika nini?

Duka la Tala lilifungwa. Malori yalifuata. Shamba la Mwala lilipigwa mnada na aliyelinunua aliingiza mbuzi wake mwenyewe kabla ya mama kumaliza kutoa vyombo. Nilikuwepo, sijui nilienda kufanya nini. Ndugu wale wawili walibeba kitanda cha mama yao, mmoja mbele, mmoja nyuma, wakipokezana maneno ya kawaida tu, inua kidogo, angalia mlango. Hawajagombana mpaka leo. Mimi ndiye ninayegombana.

Mama alipangiwa chumba nyuma ya soko la Tala. Nilimpelekea muthokoi wa mahindi na maharagwe siku moja, akanikalisha kitandani, akaniuliza kitu ambacho nadhani alikuwa amekihifadhi muda mrefu.

"Mwanangu, wewe umesoma. Yule mkubwa wangu alikosea kumsamehe ndugu yake?"

Nikamwambia, "Hapana, mwaitu. Hakukosea."

Akashukuru, akafunua muthokoi, akaanza kula. Nami nikakaa nikiyatazama magunia mawili ya vyombo ambayo hakuwa ameyafungua, kwa sababu chumba hakikuwa na mahali pa kuviweka.