Walioitazama Mpaka Mwisho

Kuna maneno ambayo mpaka leo mtu akiyatamka mbele yangu natamani kumrushia kikombe: "Watu hawana muda." Watu wa Simiyu hawana muda! Watu wanaoweza kumzunguka dume mmoja mnadani tangu asubuhi, wakimtazama kwato, meno na mkia, kabla hata ya kuuliza bei. Aliyekuwa akiyasema maneno hayo ni meneja wangu wa mauzo, aliyekaa Mwanza na kuliongoza duka letu la Bariadi kwa simu. Mimi nikayakubali. Hasira yangu inaanzia hapo, na nusu yake najikasirikia mwenyewe.

Duka letu liliuza pampu za sola za kuvuta maji visimani. Kazi yangu ilikuwa kuwarekodi wateja wakieleza pampu ilivyowasaidia, kisha kuzituma video hizo kwa watu walioona tangazo letu Facebook wakatuandikia WhatsApp. Kila namba niliitumia linki yake, kwa hiyo mfumo ulinionyesha nani amefungua, nani ameishia nusu, nani amemaliza. Baadaye niliyalinganisha hayo na orodha ya dukani: nani alipiga simu kuuliza, nani alikuja, nani aliondoka na pampu. Meneja aliita mpango huo faneli, na kwa kweli ulikuwa kama ile ya kumiminia mafuta ya taa: juu wanaingia wengi, chini wanatoka wachache.

Video iliyotuletea watu wengi kuliko zote ilikuwa ya mama mmoja mjane wa Nkololo. Nilimwita mayu, kama anavyoitwa mama yeyote wa heshima kwetu. Alikuwa na bustani ya nyanya, ng'ombe wachache, na kisima alichochimbiwa na marehemu mumewe. Pale kijijini neno lake lilikuwa na uzito. Watu wakigombania mpaka wa shamba, walimwita aseme anachokumbuka, na akishasema, ugomvi umekwisha. Hakuwa kiongozi wa chochote. Walijua tu kwamba hasemi asichokijua.

Siku niliyokwenda kumrekodi alinikazia macho kabla sijawasha simu.

"Nitasema uzuri wake, na nitasema na ubaya wake. Utaviweka vyote?"

"Nitaviweka, mayu."

"Gete?"

"Kweli kabisa."

Akasema. Kwanza alisalimia kwa Kisukuma, salamu ndefu, ya mifugo, watoto na mvua. Kisha akaonyesha maji yakimwagika kwenye mfereji, nyanya zikiwa zimeiva nyuma yake. Halafu akanyoosha kidole na kusema, "Lakini." Akatoa kamba yenye mafundo, jiwe limefungwa mwishoni. Akaeleza kwamba pampu hii ndogo haivuti maji kutoka kina chochote kile, ina kikomo chake. Usikipime kisima chako wakati wa mvua, maji yakiwa juu. Kipime kiangazi, maji yakiwa yamekwenda chini kabisa, uhesabu mafundo, uende dukani na kamba yako. Kikiwa kirefu mno, usinunue hii, uliza kubwa yake. Yeye mwenyewe, alisema, aliwahi kurudisha dukani pampu yake ya kwanza, ndogo kuliko hii, kwa sababu hakupima.

Video ilikuwa na dakika tatu na kidogo. Ripoti ya kwanza ilipotoka, mstari wa watazamaji ulianza juu, ukateremka taratibu wakati wa salamu, ukatulia kwenye maji, halafu palepale aliposema "lakini" ukaanguka. Wengi walishayaona maji, wakatosheka.

Meneja akapiga simu. "Kata hapo. Toa na salamu. Watu hawana muda."

Nilimbishia, hilo nijisifie. Nilikuwa nimekaa na ile orodha. Waliomaliza video walikuwa wachache, lakini karibu wote walipiga simu, na waliokuja dukani walikuja na kamba. Mzee mmoja wa Malampaka aliingia na kamba yake imeviringishwa begani, akaitua juu ya kaunta, akaniambia nihesabu mafundo mwenyewe. Watu hao walinunua, na hakuna aliyerudi kulalamika.

"Hao walikuwa wameshaamua," meneja akasema. "Mtu mwenye nia ndiye anayemaliza video. Video haikumpa nia."

Alikuwa na hoja, na ndiyo maana nilizidi kumchukia. Ni kweli kwamba anayemaliza huenda alikuja tayari ana shida ya maji, kumaliza kwake hakuthibitishi kwamba video ndiyo iliyomvuta. Nikamwambia basi tujaribu. Namba mpya zikiingia, moja tuitumie video ndefu, inayofuata fupi, hivyo hivyo mpaka kiangazi kiishe. Tusitazame nani amemaliza tu. Tutazame nani amenunua, na nani pampu yake bado inafanya kazi.

"Lengo letu la robo hii ni asilimia ya kumaliza," akajibu. "Kata."

Nikakata. Sikulia, sikukosa usingizi, tuache uongo. Nilikata huku nakunywa chai, na chai haikuwa imepoa. Ikabaki video ya nusu dakika: mama, maji, nyanya, "pampu hii imeniokoa," basi.

Ajabu gani, asilimia ya kumaliza ikapanda! Mtoto wa chekechea angekwambia kwamba nusu dakika humalizika upesi kuliko tatu. Ila kwenye kikundi cha wafanyakazi meneja aliweka makofi na fataki, akanitaja kama mfano. Maulizo yaliongezeka, mauzo nayo yakaongezeka. Walikuja watu wa Ipililo, wa Maswa, wa vijiji vya kwetu, wote wanasema, "Nataka ile ya yule mama." Nilipowauliza kina cha kisima, walinitazama kama nawachelewesha. "Si yule mama anavuta maji? Nami nitavuta." Niliuza. Kila mara nilijiambia nimeuliza, kwa hiyo nimetimiza wajibu.

Halafu kiangazi kikakolea. Maji yakashuka visimani, na pampu zikaanza kunguruma bila kutoa tone. Baadhi ya watu waliturudishia dukani. Lakini wengine hawakuja kwetu. Duka hawakulijua. Waliijua sura. Walikwenda Nkololo kwa mayu.

Nilipata habari alipoingia mwenyewe dukani, asubuhi, na vumbi la barabara kwenye kanga.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia.

Akaitikia, akakaa kwenye benchi la wateja. "Jana mnadani mtu ameniita mwongo," alisema. "Mbele ya watu. Anasema nimelipwa nimdanganye. Nionyeshe nilichosema."

Nikampa simu. Akaitazama ile nusu dakika mpaka mwisho, akasubiri. Skrini ikawa nyeusi. Akaendelea kusubiri.

"Maneno ya kamba yako wapi?"

"Niliyakata, mayu."

"Wewe?"

Ningeweza kumtaja meneja. Jina lake lilikuwa mdomoni. "Mimi," nikasema.

Hakunifokea. Natamani angefoka. Aliiweka simu juu ya kaunta kwa uangalifu, akasema, "Niliuliza. Ukasema kweli kabisa." Akatoka. Sina haja ya kueleza nilivyojisikia: niliona aibu, na aibu ikageuka hasira.

Video ndefu nilikuwa nimeitunza. Nikairudisha mahali pake bila kumwomba mtu ruhusa, na kila namba iliyopokea ile fupi nikaitumia hii, na maneno mafupi: tulikata ushauri wa kupima kisima, kosa ni letu, si la mama huyu. Meneja alipoona, alinipigia akiwa amepandisha hasira. Eti nimewaambia wateja kwamba kampuni inaficha mambo! Eti nimeharibu asilimia!

"Tulificha," nikamjibu. "Na asilimia yako haitoi maji."

Wiki hiyohiyo niliondolewa kwenye video, nikabaki wa kaunta.

Nilidhani nimelisafisha jina la mayu. Siku chache baadaye mdogo wake mayu akanipigia kutoka Nkololo, kwa sauti kavu. Video ndefu imefika kijijini, ndiyo. Watu wameitazama simu moja, kumi kwa pamoja. Na sasa wanasema kipande cha kamba kimerekodiwa juzi, baada ya lawama, ili kumfunika. Kwa hiyo zamani alikuwa mwongo mara moja, leo ni mara mbili. Nikakata simu nikatukana, mbele ya mteja aliyekuja kuulizia betri.

Kosa lingekuwa la fedha tu, kampuni ingelifuta. Hili lilihusu neno la mtu, na neno lililokatwa ukilirudisha baadaye, nani atakuamini? Alihitaji watu waliolisikia tangu mwanzo.

Ndipo nikaikumbuka orodha. Haikuwa ya asilimia, ile ya majina: wale wachache walioitazama mpaka mwisho kabla sijaikata. Meneja aliwadharau kwa uchache wao. Nikawapigia mmoja mmoja kutoka simu yangu. Wa kwanza hakukumbuka vizuri. Wa pili alisema hataki maneno ya watu. Mwingine alicheka. Wa Malampaka akapokea, nikamweleza.

"Mimi kamba ninayo bado," akasema. "Na Jumamosi napeleka dume huko huko mnadani. Yuko upande gani huyo anayemwita mwongo?"

Nilikwenda. Nilisimama nyuma kwenye vumbi la ng'ombe, sikuwa na haki ya kusimama mbele. Mzee yule hakuhutubia. Alimfunga dume wake, akaitoa kamba, akauliza kwa sauti anayesema amedanganywa na yule mama ni nani. Mtu mmoja akajitokeza, kidevu juu. Mzee akamwambia kwa Kisukuma kwamba kamba hii aliifunga mafundo kabla ya kununua, kwa sababu mama alisema kwenye video, na aliyeyahesabu mafundo ni yule binti wa duka, naye yupo pale, muulize. Watu wote wakanigeukia. Nikasema ndiyo. Nikasema pia nani aliyekata. Wakanitukana ipasavyo, nami nikasikiliza mpaka mwisho.

Jioni nilipita kwa mayu. Alikuwa bustanini, mfereji unatiririka. Nikamwamkia, akaniitikia salamu yote, mifugo, watoto, mvua, bila kuruka hata neno moja. Halafu akaendelea kupalilia. Kiti hakunipa, na chai hakunikaribisha.